Anayedhoofika uzeeni kafeli mtihani gani?

Kuna maneno watu wanayaandika sana siku hizi chini ya picha za watu wazima, hasa picha ya msanii wa zamani au kiongozi mstaafu akiwa ameshikwa mkono anashushwa kwenye gari. "Huyu kazeeka vibaya." Ukishuka kidogo unakutana na picha ya mwingine wa umri uleule, kifua mbele, raba mguuni, na hapo wanaandika "huyu kajitunza". Nimeyaangalia haya maneno kwa muda mrefu maana ukiyaweka pamoja yanabeba hukumu nzima, kwamba aliyesimama wima kajitunza, kwa hiyo aliyeshikwa mkono hakujitunza, kayataka mwenyewe.

Hukumu hii ina ndugu yake wa kisomi. Wataalamu wa uzee wanaiita kuzeeka kwa mafanikio, na nadhani tukijua ilivyoanza na ilipoharibikia tutaacha kuwahukumu wazee wetu kirahisi namna hii.

Mwaka 1987 John Rowe, daktari wa wazee, na Robert Kahn, mwanasaikolojia wa jamii, wote Wamarekani, waliandika makala kwenye jarida la Science. Kabla ya hapo utafiti mwingi ulikuwa unachukua vijana na wazee, unapima sukari, mifupa, kumbukumbu, afu tofauti yoyote ikionekana inaitwa uzee basi, imeisha hiyo. Rowe na Kahn wakasema hapana, hao wazee mnaowapima wapo waliovuta sigara miaka 40, wapo wanaokaa tu, wapo wanaokula vibaya, sasa mnajuaje kwamba kilichopandisha sukari ni miaka? Wakatenganisha kuzeeka kwa kawaida, yaani kule tunakokuona kwa wengi, na kuzeeka kwa mafanikio, ambako mtu anafika mbali bila kupoteza sana.

Hapo mi nawapa heshima yao kamili. Kila mtu aliyewahi kumpeleka mzazi hospitali anaijua ile "mzee hiyo ni umri tu", mzee analalamika goti, anaambiwa umri, anasema haoni vizuri, umri, kumbe macho ni mtoto wa jicho ambao unatolewa kwa upasuaji na mtu anaona tena. Kupinga uvivu wa namna hiyo ilikuwa kazi njema.

Tatizo likaja mwaka 1997 walipoandika vigezo. Ili uhesabiwe umezeeka kwa mafanikio lazima uwe na mambo matatu: usiwe na ugonjwa wala ulemavu utokanao na ugonjwa, na hata uwezekano wa kuvipata uwe mdogo, akili na mwili viwe vinafanya kazi kwa kiwango cha juu, na uwe bado unashughulika na watu na unafanya kitu chenye faida. Yote matatu kwa mpigo. Mwaka uliofuata wakatoa kitabu cha watu wa kawaida, na humo wakaeleza kwamba kufanikiwa katika jambo lolote ni kulitamani, kulipanga na kulifanyia kazi, na kuzeeka kwa mafanikio nako kunategemea uchaguzi na juhudi za mtu mwenyewe. Ukishasema hivyo, swali la pili linajibiwa bila kuulizwa. Mwenye presha je? Aliyepooza upande mmoja je? Anayetembelea fimbo je? Hawakutamani, hawakupanga, hawakufanya kazi.

Ngoja nieleze habari ya mama mkubwa wangu, dada yake mama, maana bila mtu mbele yako haya mambo yanabaki maneno tu.

Ana miaka 78, kaishi maisha yake yote milimani Lushoto, kashika jembe tangu mtoto, kazaa watoto saba, kabeba maji kichwani kutoka bondeni mpaka bomba lilipofika kijijini na yeye tayari mtu mzima. Juzi juzi hapa, msimu wa mvua, aliamka usiku kwenda chooni, choo kiko nje, akateleza kwenye ngazi ya udongo akavunjika shingo ya paja, pale mfupa wa paja unapoingia kwenye nyonga. Hospitali tuliyompeleka, wakati tunasubiri eksirei, mhudumu mmoja akamuuliza anafanya mazoezi, anakunywa maziwa, akajibu hapana, na yule mhudumu akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, wala si kwa ukali, "ndo maana mama, ungekuwa unajitunza usingefika hapa". Mama mkubwa akainamisha kichwa, akasema "kweli mwanangu". Nilikuwa nimemshika ile mikono yake, ngumu kama gome la mti, na mtu anamwambia hakufanya mazoezi, na yeye anakubali. Mpaka leo ile "kweli mwanangu" inaniuma kuliko mvunjiko wenyewe.

Sasa twende taratibu, tuone nini hasa kilimvunja. Madaktari wa wazee wana neno lao ambalo mi naliita udhaifu wa uzeeni, na si tusi wala lawama, ni hali inayopimika. Linda Fried na wenzake mwaka 2001 waliweka alama tano za kuangalia: mtu kupungua uzito bila kukusudia, kama kilo 4 na nusu au zaidi ndani ya mwaka, kujisikia kachoka muda wote, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo kuwa wa polepole, na shughuli za mwili kupungua sana. Mwendo wanaupima kwa umbali wa kama mita 4 na nusu, mtu akitumia sekunde 6 au 7 na kuendelea, kutegemea urefu wake na kama ni mwanamke au mwanaume, hiyo ni alama moja. Ukiwa nazo tatu au zaidi wewe ni dhaifu kwa maana hiyo ya kitaalamu, moja au mbili uko njiani.

Nikirudisha mawazo nyuma mwaka mzima kabla ya ile ngazi, mama mkubwa alikuwa nazo zote mbele ya macho yetu. Kanga iliyokuwa inamtosha ikawa inamzunguka karibu mara mbili. Kifuniko cha chupa ya chai akawa anamwomba mjukuu amfungulie. Kutoka mlangoni mpaka jikoni anashika ukuta. Shambani kaacha kwenda, anasema nitaenda kesho. Sisi tulikuwa tunaona, tunasema bibi kachoka, umri huo. Yaani tulimfanyia lile kosa la kwanza ambalo Rowe na Kahn walilipinga, afu alipovunjika hospitali wakamfanyia la pili ambalo Rowe na Kahn walilileta. Kwanza hakuna cha kufanya, ni umri. Halafu ghafla ungefanya wewe mwenyewe.

Na mifupa yenyewe? Mwanamke hedhi ikikoma homoni inayolinda mifupa inashuka na mifupa inaanza kupungua uzito kwa kasi, hilo halihitaji uzembe wa mtu. Misuli inapungua na umri kwa kila binadamu, na inapungua upesi zaidi kama chakula hakina protini ya kutosha. Mama mkubwa chakula chake ni ugali, mboga za majani, na maharage yakiwepo, nyama ni sikukuu. Ukijumlisha na macho hafifu, giza, mvua na ngazi ya udongo isiyo na pa kushika, unapata mvunjiko. Sasa nionyeshe hapo ndani mahali ambapo alikaa akachagua.

Hapa ndo nafika kwenye hesabu ambayo naona imewapotosha watu wengi wenye akili zao. Tafiti za mapacha, hasa za kule Denmark na Sweden, zilionyesha kwamba tofauti za watu katika muda wa kuishi zinaelezwa na urithi wa damu kwa kiasi kidogo tu, kwa Denmark ilikuwa takriban robo, na kwenye mazungumzo ya kuzeeka kwa mafanikio ikazoeleka kutaja asilimia 30. Kutoka hapo watu wakaruka: kama damu ni 30, basi 70 iliyobaki ni yako, iko mikononi mwako. Nimeisikia kwenye klipu za wasapu zaidi ya mara moja, mtu kavaa suti anawaambia watu "asilimia 70 unaamua wewe".

Lakini kisichokuwa damu si lazima kiwe uamuzi wako. Ndani ya hiyo 70 kuna chakula alichokula mama yako ukiwa tumboni. Kuna njaa ya utotoni, malaria, shule uliyokosa, moshi wa kuni, kazi ya kubeba mizigo, ajali, kijiji kisicho na kliniki, na bahati tu, maana hata mapacha wa yai moja waliolelewa nyumba moja hawafi siku moja. Vitu vya kuamua vipo, sigara, pombe, kutembea, sikatai, ila ni kipande ndani ya kipande. Na isitoshe ile robo ya Denmark ni ya Denmark, ya watu waliozaliwa miaka ya 1870 mpaka 1900 katika nchi moja ndogo. Inaeleza kwa nini watu wa pale walitofautiana wao kwa wao. Ukiipeleka mahali ambapo mmoja kakua na maji ya bomba na mwingine ya kisimani, hesabu inabadilika, na anayebanwa na mabadiliko hayo ni huyo wa kisimani ambaye hakuulizwa azaliwe wapi.

Data zao wenyewe Wamarekani zinaonyesha hivyo hivyo. Kwenye utafiti wa Fried, watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 65 na kuendelea, udhaifu uliwaangukia zaidi wanawake, Wamarekani weusi, wenye kipato kidogo na wenye elimu ndogo. Sasa ama tuamini kwamba watu hao kwa pamoja wana uvivu fulani wa kuzaliwa, jambo ambalo siwezi kuliamini, ama tukubali kwamba mwili wa uzeeni unaonyesha maisha mtu aliyopitishwa.

Hili la kuusoma mwili wa mzee kama ushahidi wa kosa lake, hapa kwetu tunalijua kwa sura ya kutisha zaidi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi na ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho ambayo yaliharibiwa na moshi wa kupikia miaka 50. Silinganishi daktari wa Marekani na muuaji wa panga, hapana. Nasema tu kwamba tunapoona alama kwenye mwili wa mzee tuna haraka ya kumuuliza yeye kafanya nini, na hatuulizi jiko lilikuwa la aina gani.

Wakosoaji walianza mapema. Meredith Minkler na Pamela Fadem mwaka 2002 walilitazama jambo hili kwa macho ya watu wenye ulemavu, na swali lao ni zito: mtu aliyeishi kwenye kiti cha magurudumu tangu ujana, akafanya kazi, akalea watoto, akafika uzeeni na akili timamu na marafiki, huyu kwa vigezo vile hawezi kufanikiwa hata afanye nini, mlango umefungwa kabla hajafika. Mwaka huohuo William Strawbridge na wenzake wakafanya jambo rahisi ambalo ulikuwa unajiuliza mbona halikufanyika mapema, waliwauliza wazee wenyewe. Ilikuwa kaunti ya Alameda, California, watu 867 wenye umri wa miaka 65 mpaka 99. Wakawauliza, unajiona unazeeka vizuri? Nusu yao, asilimia 50.3, wakasema ndiyo. Halafu wakawapima haohao kwa vigezo vya Rowe na Kahn. Waliopita ni asilimia 18.8.

Fikiria hilo pengo. Wapo wazee wengi pale wenye magonjwa ya kudumu, wenye shida ya kutembea, wanaosema naendelea vizuri, na kipimo kinawaambia hapana, umefeli. Mtu anaweza kusema wanajidanganya. Mi nimekaa na wazee, naona wanapima kitu kingine. Ukimuuliza mama mkubwa hali yake hataji sukari wala presha, atakwambia wajukuu wamekuja, mahindi yameota, usiku kalala au hakulala. Mtu anajua maisha yake anayapimia wapi.

Kuna jambo lingine kuhusu vigezo hivi ambalo halisemwi sana. Vinampima mtu kila siku anayoishi na haviishi kumpima. Aliyekufa ghafla na miaka 70 akiwa mzima kabisa, kafaulu. Aliyefika 90, miaka 18 zaidi akafaulu, miwili ya mwisho akashikwa mkono, anaitwa kafeli. Ukiishi muda wa kutosha udhaifu utakukuta karibu kwa uhakika, kwa hiyo kwa hesabu hii njia salama ya kufaulu ni kufa mapema. Kipimo kinachomwadhibu mtu kwa kula chumvi nyingi kina kasoro kwenye mzizi.

Sasa wapo watakaoniambia unawavunja watu moyo, unasema mazoezi hayasaidii. Sijasema hivyo, na hapa ndipo napata uchungu zaidi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, Boston, walichukua wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, umri wao 86 mpaka 96, watu dhaifu wenye magonjwa yao, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8. Uzito wa kweli, wa karibu na mwisho wa uwezo wao, chini ya uangalizi. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wapo waliokuwa wanatembelea fimbo wakaziacha. Yaani watu ambao kwa vigezo walikuwa wamefeli zamani ndio walionyesha kwamba mwili wa miaka 90 bado unaitikia.

Lakini angalia kilichohitajika. Vifaa, mtu wa kuwasimamia, muda, chakula kipo. Na mazoezi yalipokoma nguvu ikaanza kushuka tena. Ilihitaji taasisi iamue kwamba mzee wa miaka 90 anastahili kuhudumiwa, na hilo ndo linalopotea tukishamwita mzee kafeli mwenyewe. Hakuna anayepeleka pesa kwa aliyejiharibu. Ile lawama inabeba bajeti ndani yake, inahamisha kazi kutoka kwa halmashauri, hospitali na familia inaiweka mgongoni kwa bibi wa miaka 78, kwa jina zuri la kumpa uwezo.

Rowe na Kahn walirudi mwaka 2015 wakakubali kwamba walisisitiza mtu binafsi na sasa iangaliwe jamii pia, kazi, elimu, taasisi. Ni hatua. Shirika la Afya Duniani mwaka huohuo lilitoa ripoti yenye namna ya kufikiri ambayo naipenda zaidi: linatenganisha uwezo ulio ndani ya mwili wa mtu na kile anachoweza kukifanya kweli, na katikati linaweka mazingira. Kwa hiyo mwili uleule unaweza kushindwa nyumba moja na kuweza nyumba nyingine.

Nilidhani ni maneno ya ripoti mpaka nilipoyaona nyumbani. Mama mkubwa alifanyiwa upasuaji siku ya 11 baada ya kuvunjika maana fedha za vyuma vya kuwekewa tulikuwa tunachanga, na siku 11 kitandani kwa mtu wa umri ule misuli inayeyuka. Alirudi nyumbani hawezi kuchuchumaa kabisa, na choo ni cha kuchuchumaa, kiko nje, kule kule alikoangukia. Kwa hiyo alikuwa anavalishwa nepi, na mtu aliyelea watoto saba akaanza kukataa kunywa maji mchana ili asimsumbue mkwe wake. Midomo ikakauka, kichwa kikaanza kumzunguka, na kizunguzungu kwa mwenye nyonga mpya ni mwaliko wa kuanguka tena. Ukimwangalia wiki ile ungesema huyu basi, kazeeka vibaya.

Kaka yangu akaita fundi. Wakajenga choo cha kukaa upande wa ndani, kwenye kona ya chumba cha stoo, wakaweka bomba la chuma ukutani kwa urefu wa kiwiko chake, wakapima akiwa amekaa hapo hapo, na taa yenye swichi karibu na kitanda. Kazi ya siku nne na saruji mifuko michache. Nyonga haikubadilika, mfupa haukubadilika, umri wake uleule. Ila akaanza kwenda mwenyewe, akirudi anapumzika, akarudia kunywa maji na chai yake, na dada wa mazoezi ya viungo akamfundisha kuinuka kwenye kiti chenye mikono, mara tano asubuhi, mara tano jioni, anahesabu kwa Kisambaa kwa sauti mpaka jikoni wanamsikia.

Fimbo hajaiacha na daktari anasema hataiacha. Shambani hajarudi. Juzi nilipokuwepo alikaa barazani na ungo mapajani anachambua maharage, mjukuu kamkalia miguuni, akaniuliza mbona yule wa hospitali alimwambia hajitunzi. Nikamwambia alikosea mama mkubwa. Akanyamaza kidogo, akatoa jiwe kwenye maharage akalitupa uani, akasema "mi nilikuwa nafikiri labda ni yale maziwa, maana kweli nilikuwa sinywi, nilikuwa nawapa nyinyi".